Mdomo unafunga, uvungu unapanuka: uchambuzi wa kisa cha kidonda sugu na maandishi yake

Kisa hiki nimekuwa nikikitumia kufundishia wauguzi wanaoanza kazi wodini. Jina la mgonjwa, hospitali, mwaka na mambo ya maisha yake yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Maandishi ya faili yalikuwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya hospitali zetu. Hapa nimeyaweka kwa Kiswahili bila kubadili maana.

## Mgonjwa na kidonda chake

Ni kijana wa kiume aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya barabarani. Tangu ajali hiyo hana nguvu wala hisia kuanzia kitovuni kwenda chini. Alipolazwa katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya wilaya nchini Tanzania, tayari alikuwa na kidonda cha mgandamizo, kile tunachozoea kukiita kidonda cha kulalia, juu ya mfupa wa sakramu, pale mgongo unapokutana na makalio. Kilikuwa kimemaliza zaidi ya miezi miwili nyumbani. Mama yake mzazi ndiye aliyekuwa akimuuguza huko, na ndiye aliyebaki naye wodini: kumlisha, kumgeuza usiku, kufua shuka zake.

Muuguzi aliyempokea aliandika: "Kidonda kikubwa cha kulalia. Kichafu. Kimesafishwa na kufungwa." Sentensi hizo zina ukweli, ila hazina kitu ambacho mtu wa zamu ya kesho angeweza kukilinganisha na anachokiona. Bahati nzuri, siku iliyofuata dada mmoja mwenye uzoefu wa vidonda alikipima vizuri, na kipimo chake ndicho kilichokuja kutuokoa wiki kadhaa baadaye. Aliandika hivi:

> Sakramu, daraja la 3. Urefu sm 7.0 (kichwani kwenda miguuni), upana sm 5.0, kina sm 2.0. Uvungu sm 1.5 kati ya 2 na 4. Sakafu: asilimia 40 nyama nyekundu, asilimia 60 tishu mfu ya njano. Majimaji ya wastani, manjano mepesi, hayana harufu baada ya kusafisha. Ngozi ya pembeni laini, haina joto.

Daraja la 3 maana yake ngozi imeisha yote na mafuta ya chini yanaonekana, lakini msuli na mfupa havijaonekana. Uvungu ni ile nafasi iliyo chini ya ngozi inayoonekana nzima, pale ambapo kidonda kimechimba kwa pembeni kupita mdomo wake. Namba 2 na 4 ni za uso wa saa: unakichukulia kidonda kama saa ya ukutani, kichwa cha mgonjwa kikiwa namba 12 na miguu namba 6. Ukimtazama mgonjwa huyu kwa nyuma, namba 3 inaangukia upande wake wa kulia. Shikeni hilo, litarudi.

## Wiki nne za maandishi mazuri

Matibabu yalianza kama inavyotakiwa. Daktari alikata tishu mfu iliyolegea, dresingi ikawa kila siku kwa maji ya chumvi na gozi iliyoloweshwa, na ratiba ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ikabandikwa ukutani. Kila Jumatatu kidonda kilipimwa. Wiki ya pili kilikuwa sm 6.5 kwa 4.8. Wiki ya tatu 6.0 kwa 4.2. Wiki ya nne 5.4 kwa 3.6.

Ukizidisha urefu kwa upana, eneo lilikuwa limeshuka kutoka sm za mraba 35 hadi kama 19.4, yaani karibu asilimia 45 ndani ya wiki nne tangu kulazwa. Ni kasi ambayo muuguzi yeyote angeifurahia. Tishu ya njano nayo ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 60 hadi 20. Ripoti za zamu zikawa na sentensi moja inayojirudia: "Kidonda kinaendelea vizuri, mgonjwa hana maumivu."

Lakini ndani ya faili hilohilo kulikuwa na mambo mengine. Neno "wastani" kwenye majimaji liliendelea kuandikwa hadi wiki ya tatu, kisha wiki ya nne likawa "mengi" bila maelezo. Dresingi ya mara moja kwa siku ilikuwa imeshageuka kimyakimya kuwa ya mara mbili. Hilo halikuandikwa kwenye maelezo ya kidonda, nililikuta kwenye daftari la vifaa, ambako matumizi ya gozi ya kitanda hicho yalikuwa yamekaribia maradufu. Na mama wa mgonjwa alikuwa ameshamwambia muuguzi wa usiku, "Sista, huyu mwanangu siku hizi analowesha shuka kila alfajiri, na si mkojo, mpira wake hauvuji." Maneno hayo yalijibiwa kwa kubadilishiwa shuka. Hayakufika kwenye faili.

Na uvungu? Wiki ya pili hakuna aliyeuandika. Wiki ya tatu kuna mstari mmoja: "Uvungu hakuna." Wiki ya nne kimya tena.

## Jumanne ya wiki ya tano

Mgonjwa aliamka na homa ya 38.9. Mkojo ulipimwa kwanza, kwa kuwa mwenye katheta mara nyingi homa yake huanzia huko, na pia kipimo cha malaria kikafanywa; havikuonyesha sababu. Ndipo daktari akaomba kidonda kifunguliwe mbele yake.

Kwa macho kilikuwa kidogo na chekundu. Kingo zake, hata hivyo, hazikuwa bapa. Zilikuwa zimeviringika kwa ndani, nene na zenye rangi iliyopauka. Ukingo wa namna hiyo haujashikana na sakafu ya kidonda, ngozi mpya haina pa kutambalia. Muuguzi alipoweka mgongo wa mkono juu ya tako la kulia alisikia joto, na alipobonyeza, pakawa pagumu kama sm 5 kutoka kwenye mdomo. Kwa ngozi nyeusi kama ya kijana huyu wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo ukisubiri kuona kitu chekundu utasubiri mpaka usaha utoke wenyewe. Mkono ndio unaosema.

Kijiti cha pamba kilichotakaswa, kikiwa kimeloweshwa kwa maji ya chumvi, kilipoelekezwa namba 3 kiliingia sm 4.5 bila kuzuiwa. Kikatoka na usaha mzito wa kijani-manjano. Hakikugusa kitu kigumu, yaani mfupa haukuwa wazi. Siku hiyohiyo mgonjwa alipelekwa chumba cha upasuaji, ngozi iliyokuwa ikining'inia juu ya uvungu ikakatwa, usaha ukatolewa, na dawa za vijidudu zikaanza.

Kidonda kilichotoka chumba cha upasuaji kilikuwa sm 8.0 kwa 6.5: sm za mraba 52. Yaani kwenye karatasi mgonjwa alikuwa na hali mbaya kuliko siku aliyolazwa, na muuguzi mmoja aliuliza kwa haki kabisa kama tuandike "kidonda kimezidi". Jibu lilikuwa hapana. Tuliandika kwamba eneo limeongezeka kwa sababu uvungu umefunguliwa, na kwamba kipimo cha siku hii ndicho msingi mpya wa kulinganishia. Bila sentensi hiyo, mtu atakayechora mwelekeo wa kupona baadaye angeona mruko kutoka 19.4 hadi 52 na kudhani dresingi imeshindwa.

## Kwa nini uvungu ulipotea kwenye maandishi

Nilizungumza na waliokuwa zamu wiki ile ya tatu, si kumtafuta mkosaji bali kujua mstari wa "uvungu hakuna" umetoka wapi. Muuguzi aliyeuandika hakudanganya. Alipima. Asubuhi ile kwenye makabidhiano aliambiwa, "Mdogo wangu, usisahau kule uvunguni, uko saa tatu." Akaenda na kijiti chake akakielekeza pale mshale mfupi unapokaa ikiwa saa tatu. Na sisi wote tunajua mshale unakaa wapi ikiwa saa tatu asubuhi: kwenye namba 9. Alichunguza upande wa kushoto wa mgonjwa, akakuta pamebana, akaandika alichokikuta.

Vitabu vya uuguzi tunavyosomea vinahesabu saa kwa namba iliyochorwa, na faili liliandikwa kwa namba. Makabidhiano yanafanywa kwa mdomo, kwa Kiswahili, ambapo saa tatu na namba 3 ni pande mbili zinazotazamana. Kosa la namna hii halimuumbui mtu yeyote kwa sababu kila mmoja yuko sahihi kwa hesabu yake. Tangu hapo wodi ile imekubaliana mambo mawili: neno "saa" halitamkwi kabisa kwenye kidonda, inasemwa "namba 3", na kila namba inafuatwa na upande wa mwili, "namba 3, kulia kwa mgonjwa". Upande wa mwili peke yake hautoshi kwa sababu uvungu mara nyingi unaanzia kona na kuishia kona nyingine, na namba peke yake ndiyo hiyo iliyotuponza.

Sababu ya pili ni fomu yenyewe. Ilikuwa na nafasi ya urefu, upana na kina, haikuwa na nafasi ya uvungu. Kitu kisicho na nafasi kinaandikwa na anayekikumbuka. Yule dada wa siku ya pili aliuandika pembeni ya karatasi kwa sababu alijua. Wengine walijaza visanduku vilivyokuwepo wakamaliza.

## Tulivyobadili maelezo

Uamuzi haukuwa kuleta fomu ndefu. Wauguzi wawili wenye wagonjwa thelathini hawatajaza kurasa. Tulichobadili zaidi ni mpangilio wa kuangalia, kwa sababu kila sehemu ya maelezo ina wakati wake ndani ya dresingi, na ukipita wakati huo huurudii.

Majimaji yanasomwa kwanza, kwenye dresingi ya zamani, kabla hujamwaga tone la maji. Ukishasafisha, ushahidi umeutupa kwenye ndoo. Tukayapa maneno maana inayoshikika kwa gozi tunazotumia. Ikiwa gozi iliyogusa kidonda tu ndiyo iliyolowa baada ya saa 24, ni kidogo. Ikiwa tabaka za ndani zote zimelowa lakini ya nje ni kavu, ni wastani. Ikiwa ya nje imelowa kabla ya muda wa kubadilisha, au shuka limelowa, ni mengi. Kisha rangi na uzito: maji mepesi ya njano, maji ya waridi yenye damu kidogo, au usaha mzito. Harufu, kinyume chake, inaandikwa baada ya kusafisha, kwa kuwa dresingi iliyokaa siku nzima itanuka hata kama kidonda kiko salama.

Aina ya tishu nayo inasubiri kusafishwa. Utando wa mabaki ya dresingi na majimaji yaliyoganda unafanana sana na tishu mfu ya njano, tofauti ikiwa kwamba wenyewe unaondoka kwa maji na tishu mfu haiondoki. Unakisia sehemu za mia: nyekundu ya nyama changa, njano ya tishu mfu laini, nyeusi ya gamba, na waridi wa ngozi mpya ukingoni, jumla ifike mia. Wekundu nao una aina zake. Nyama changa yenye afya ina rangi iliyoiva na vinundu vidogo na haitoki damu ovyo. Ikiwa nyeusinyeusi au inatoka damu ukigusa kidogo, andika hivyo, maana mara nyingi vijidudu vimeanza kuzidi.

Kupima urefu na upana kuna mtego ambao haukuwepo kwenye fomu yoyote: mkao. Ngozi ya makalio inavutika. Mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto na magoti yamekunjwa, kidonda kile kile kinaweza kubadilika nusu sentimita na zaidi kikilinganishwa na akilala kifudifudi. Tulipochunguza wiki nne za kwanza hatukuweza kujua alipimwa kwa mkao gani, kwa hiyo hata ile asilimia 45 ina mashaka ndani yake. Sasa kila kipimo kinataja mkao, na mkao haubadilishwi. Urefu unafuata mstari wa namba 12 hadi 6, upana ule wa namba 9 hadi 3, kila mmoja mahali palipo parefu zaidi.

Kina na uvungu vinapimwa kwa kijiti cha pamba kilichotakaswa. Kwa kina, kijiti kinasimama wima sehemu iliyozama zaidi, kidole chenye glavu kinashika pale kijiti kinapokutana na usawa wa ngozi, kisha kijiti kinawekwa kando ya rula. Kwa uvungu kijiti kinalazwa chini ya ukingo na kuzungushwa namba kwa namba, duara zima, bila kusukuma kwa nguvu. Palipo parefu zaidi panaandikwa pamoja na namba mahali uvungu unapoanza na kuishia. Duara zima: ndipo mtu aliyeambiwa upande usio sahihi bado atakuta ulio sahihi.

Maelezo ya wiki ya kwanza baada ya upasuaji yakawa hivi:

> Sakramu, daraja la 3, amelalia ubavu wa kushoto. Kabla ya kusafisha: gozi ya nje imelowa baada ya saa 12, majimaji mengi ya waridi, si usaha. Baada ya kusafisha: sm 8.0 × 6.5, kina sm 2.5. Uvungu sm 1.0 kati ya namba 2 na namba 4, kulia kwa mgonjwa. Kwingine hakuna, duara zima limechunguzwa. Nyekundu 80, njano 20. Kingo bapa. Ngozi ya pembeni haina joto wala ugumu. Eneo limekuwa kubwa kuliko wiki ya nne kwa sababu uvungu ulifunguliwa. Hiki ndicho kipimo cha msingi.

## Matokeo

Homa ilishuka ndani ya siku tatu. Wiki nne baada ya kufunguliwa, kidonda kilikuwa sm 6.2 kwa 4.8, sakafu yote nyekundu, majimaji ya wastani, uvungu nusu sentimita. Wiki ya kumi kilikuwa 4.5 kwa 2.6, kina nusu sentimita, uvungu hakuna kwa duara zima, ukingo wa waridi unaonekana pande zote na majimaji ni kidogo. Hakikufunga akiwa wodini. Aliruhusiwa na barua ya kwenda zahanati ya karibu na kwao.

Katika wiki hizo kulitokea jambo dogo ambalo nalitaja kwa kuwa linajirudia kila mahali. Kidonda kilipopungua kina, muuguzi mmoja aliandika "sasa daraja la 2". Daraja halirudi nyuma. Mafuta na ngozi vilivyopotea havikuoteshwa upya. Nafasi imejazwa na nyama changa na baadaye kovu, ambalo halina uimara wa ngozi ya mwanzo. Kinaandikwa "daraja la 3, kinapona", na hata kikifunga kinabaki kuwa daraja la 3 lililofunga. Atakayempokea miaka miwili baadaye anahitaji kujua kwamba pale pana kovu la kidonda kirefu.

## Uchambuzi

Swali langu kubwa ni kama maandishi yaliyokuwepo, pamoja na mapengo yake, yangetosha kutushtua mapema. Nadhani yangetosha, kama yangesomwa kwa pamoja.

Kidonda kinachopona kweli hupungua eneo na majimaji yakipungua pamoja nalo, kwa sababu sehemu inayovuja inazidi kuwa ndogo. Hapa eneo lilishuka karibu nusu, majimaji yakapanda. Mambo hayo mawili hayakai pamoja bila sababu ya tatu iliyofichika, na kwa kidonda chenye uvungu ulioandikwa siku ya pili, sababu hiyo ilikuwa ya kutafutwa uvunguni. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba mdomo unajifunga na chini yake shimo linapanuka. Gozi ilikuwa inawekwa sakafuni panapoonekana, haikuingia namba 3, kwa hiyo majimaji yalijikusanya humo, na mdomo ulivyozidi kuwa mdogo ndivyo yalivyozidi kukosa pa kutokea.

Wodi zinazotumia PUSH, chombo cha kutoa alama kwa vidonda vya mgandamizo, zingeona kitu cha kuvutia. Kinatoa alama 0 hadi 10 kwa urefu mara upana, 0 hadi 3 kwa majimaji na 0 hadi 4 kwa aina ya tishu. Jumla ya juu ni 17, na kidonda kilichofunga ni 0. Nilikihesabu kwa kurudi nyuma. Siku ya pili: eneo 10, majimaji ya wastani 2, tishu mfu ya njano 3, jumla 15. Wiki ya nne: eneo 9, majimaji mengi 3, tishu ya njano bado ipo kwa hiyo 3, jumla 15. Wiki nne za "kinaendelea vizuri", na alama haijasogea hata moja. Hata hivyo nisikipambe chombo hiki kupita kiasi. Hakina nafasi ya kina wala uvungu, na kila eneo linalozidi sm za mraba 24 linapata alama ileile 10, kwa hiyo kushuka kwetu kutoka 52 hadi karibu 30 baada ya upasuaji hakukuonekana humo kabisa. Kilitusaidia kwa sababu kililazimisha majimaji kuhesabiwa pamoja na ukubwa, basi.

Asilimia za tishu nazo zilitupumbaza kwa namna yake. Njano ilishuka kutoka 60 hadi 20, ni kweli, lakini asilimia hizo ni za sakafu inayoonekana. Kilichokuwa chini ya ngozi hakikuwa sehemu ya ile mia. Kila uvungu unapokuwepo, naona ni haki kuongeza maneno "ya sehemu inayoonekana" mbele ya asilimia, ili msomaji ajue mipaka yake.

Sentensi ya "hana maumivu" ingefutwa kabisa kwa mgonjwa huyu. Hana hisia tangu kitovuni. Kutokuwa na maumivu kwake si dalili ya chochote, na ilipoandikwa kila siku pembeni ya "kinaendelea vizuri" ilionekana kama ushahidi wa pili. Kwa mgonjwa wa uti wa mgongo nafasi hiyo ni afadhali iandikwe joto na ugumu wa ngozi ya pembeni.

Kuna swali ambalo fomu haiulizi na maelezo ya kidonda yalilijibu baadaye: kwa nini uvungu uwe kulia? Ratiba ya kumgeuza ilifuatwa, mama yake alihakikisha. Lakini mchana kitanda kiliinuliwa upande wa kichwa, karibu awe amekaa, ili ale na azungumze na wageni, naye aliegemea kulia kwenye kabati lenye simu yake. Mtu aliyekaa hivyo huteleza polepole kwenda chini: mfupa unasogea, ngozi imenasa kwenye shuka. Mvutano huo unapasua tabaka za chini ya ngozi na kutengeneza uvungu upande mmoja, wakati kugeuzwa kila saa mbili kunashughulikia mgandamizo wa moja kwa moja tu. Baada ya kufunguliwa, kichwa cha kitanda kilibaki chini ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula, na simu ikahamishiwa upande wa pili. Sina njia ya kugawa ni kiasi gani cha kupona kilitokana na upasuaji na ni kiasi gani kilitokana na kitanda. Ila uvungu haukurudi.

Lililobaki bila ufumbuzi ni barua ya zahanati. Maneno yetu ya kidogo, wastani na mengi yana maana kwa gozi za wodi yetu, zilizokunjwa kwa unene wetu. Kwingine gozi ni nyingine na ratiba ni nyingine. Kwa hiyo barua haikutumia maneno hayo. Iliandika kwamba kidonda kinalowesha gozi moja kati ya nne kwa saa 24, kinapimwa akiwa amelalia ubavu wa kushoto, na kwamba gozi ya pili ikianza kulowa huku mdomo ukizidi kuwa mdogo, achunguzwe namba 3, kulia kwake, kabla ya kusubiri homa. Mama yake alipewa nakala, naye akaomba aandikiwe upande kwa maneno tu, bila namba yoyote.